Wiki ya mwisho kabla ya UMISSETA: mkimbiaji wa mita 1500 apumzishwe au aendelee na dozi?

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu habari za jioni. Niko Kasulu, tupo kambini na timu inayokwenda Tabora kwenye hii michezo ya shule za sekondari. Nina binti wa miaka 16 wa mita 1500, muda wake bora ni dakika 5 na sekunde 4. Wiki yake ya kawaida: Jumatatu kilomita 6 taratibu, Jumanne mita 800 mara 5, Jumatano kilomita 6, Alhamisi mita 400 mara 8, Ijumaa kilomita 5, Jumamosi kilomita 10 za vilima, Jumapili anapumzika. Ukijumlisha na kupasha moto inafika kilomita 40 hivi.

Leo ni Jumanne. Safari ni Jumapili, mchujo ni Jumatano asubuhi na fainali Ijumaa jioni.

Hapa kambini tumegawanyika. Mmoja anasema kuanzia kesho asikimbie kabisa, ale na alale. Mwingine anasema dozi iendelee ile ile, halafu Jumamosi akimbie mita 1500 kamili kwa saa "tujue yuko wapi". Mimi naona wote wawili watampoteza, ila sina mpango wa kuweka mezani. Naombeni msaada.

#2 Kipyenga
Mwalimu, huyo wa kwanza yuko sahihi. Mwili unajijenga wakati wa kupumzika, wakati wa mazoezi unabomoka. Kilichokuwa cha kujengwa kimeshajengwa, wiki hii hawezi kuongeza kitu. Muache alale, atafika Tabora mbichi kabisa.

#3 Mzee wa Isevya
Salamu kutoka Tabora, mwalimu. Kipyenga umeanza vizuri, umemalizia vibaya. Ni kweli wiki hii hakuna kinachoongezwa. Lakini kuna kitu kinaweza kupotea.

Kinachopunguzwa wiki ya mwisho ni wingi wa kilomita. Kasi inabaki pale pale, na siku za kutoka uwanjani zinabaki karibu zile zile. Sababu ni kwamba uchovu unatoka mwilini haraka kuliko uzima unavyoshuka. Ndani ya siku 7 uchovu mwingi umeshatoka na pumzi bado ipo, ili mradi miguu inaendelea kukumbushwa ile kasi ya mashindano. Ukimlaza siku zote hizo, anaamka Jumatano akiwa mzima kabisa lakini sekunde 81 kwa mzunguko zinamjia kama jambo geni.

Hizo 81 sikuziokota. Dakika 5 na sekunde 4 ni sekunde 304, na mita 1500 ni mizunguko 3 na robo tatu. Kila mzunguko unakuja sekunde 81.

Mpango wenyewe ungekuwa hivi. Kesho Jumatano akimbie kilomita 5 taratibu, kasi ya kuweza kupiga soga, kisha mikimbio 4 ya mita 80 inayoanza pole na kuishia kwenye kasi kubwa bila kukunja uso. Alhamisi apashe kilomita 1.5, halafu mita 400 mara 5 kwa sekunde 81, katikati atembee na kukimbia polepole dakika 2 na nusu, mwisho apoze kilomita 1. Ijumaa kilomita 4 taratibu. Jumamosi mita 300 mara 4, sekunde 60 kila moja, akipumzika dakika 3, pamoja na kupasha na kupoza. Jumapili ni safari. Jumatatu kilomita 3 na mikimbio 4 ya mita 80. Jumanne apashe kilomita 1.5, apige mita 200 mara 3 kwa sekunde 40, arudi bwenini. Jumla ni kilomita 23, nusu ya wiki ya kawaida.

#4 Hesabu Kali
Mzee shikamoo, lakini 23 kutoka 40 si nusu. Umekata kilomita 17, ambazo ni asilimia 42 na ushee.

#5 Mzee wa Isevya
Marahaba. Umenikamata. Hata hivyo iko ndani ya kiwango, makocha wengi wanakata kati ya asilimia 40 na 60. Kwa mtoto nakaa upande wa chini, kwa sababu kilomita 40 si mzigo wa kutisha. Anayekimbia 120 kwa wiki ana uchovu mwingi wa kumwaga. Huyu ana wa wastani tu.

#6 Beki Tatu
Wakuu na mimi niko kwenye hali hiyo hiyo, nina timu ya mpira wa miguu wavulana. Tunacheza mechi karibu kila siku kuanzia siku ya pili. Sasa hizo mita 400 niwape wachezaji wote au mabeki waache?

#7 Kipyenga
Beki Tatu umeingia darasa la jirani 😂

#8 Mzee wa Isevya
Usimcheke, swali lake lipo, ila si hili. Beki Tatu, mita 400 waachie wakimbiaji. Wewe unapunguza kabla ya mechi ya kwanza tu: siku 4 za mwisho mazoezi yasizidi dakika 45, mpira mwingi wa nafasi ndogo, hakuna mechi ya kirafiki ndani ya saa 72. Mashindano yakianza hakuna cha kupunguza tena, kuna kupona tu. Waliocheza dakika zote wanatembea na kujinyoosha, waliokaa benchi ndio wanafanya mazoezi.

#9 Binti Ujiji
Mzee mpango wako ni mzuri, ila hiyo Jumamosi ina walakini. Alhamisi umempa kasi, Jumamosi kasi tena, Jumapili anakaa kwenye gari kutwa nzima kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo. Magoti yamekunjwa, maji hanywi kwa kuogopa kuomba gari lisimame. Misuli iliyotoka kukimbia kasi ikafungiwa kwenye kiti hivyo inaamka imekaza. Mimi Jumamosi ningeweka kilomita 3 za taratibu tu na hiyo kasi ningeisogeza Jumatatu.

Pia tusisahau Tabora iko juu. Hewa ni nyepesi, ndiyo maana watoto wetu wengi wanafika pale miguu inakuwa mizito.

#10 Hesabu Kali
Dada, Tabora iko kama mita 1200 juu ya usawa wa bahari na Kasulu haiko chini ya hapo. Huyu binti anatoka kwenye vilima. Hoja yako ingewagusa kidogo watoto wa Kigoma mjini na Ujiji wanaotoka kando ya ziwa, lakini hata wao ni tofauti ya mita 400 tu. Kwa mbio ya dakika 5 sioni kama hiyo ndiyo inayofanya miguu kuwa mizito.

#11 Binti Ujiji
Sawa, kwa Kasulu nimekubali. Hoja ya gari sijaiondoa.

#12 Nyuzi Joto
Kuhusu kupumzika kabisa, kuna jaribio la Kanada lililochapishwa 1992 kwa wakimbiaji wa mbio za kati. Walipewa wiki ya mwisho ya aina tatu: kulala tu, kukimbia taratibu kiasi cha wastani, na kukimbia kidogo sana lakini kwa kasi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyowafanya wadumu kwenye mashine asilimia 22 zaidi kabla ya kuchoka. Waliolala hawakupata kitu. Kwa hiyo binti akifuata mpango wa mzee anaweza kuongezeka asilimia 22.

#13 Hesabu Kali
Hapana jamani. Asilimia 22 ya sekunde 304 ni sekunde 67. Angekimbia mita 1500 chini ya dakika 4, na huo ni muda wa wanawake wa kiwango cha dunia 😂

#14 Mzee wa Isevya
Nyuzi Joto, jaribio lipo na mpangilio umeueleza sawa, tatizo ni tafsiri ya hiyo namba. Kudumu zaidi kwenye kasi moja hadi uishiwe si sawa na kufika mapema kwenye mstari. Ukigeuza kuwa muda wa mashindano, wiki nzuri ya kupunguza inaleta asilimia 2 au 3. Asilimia 2 ya huyu binti ni sekunde 6, anatoka 5:04 anakwenda 4:58. Tena wale walikuwa 9 tu, wanaume waliozoea mzigo mkubwa. Kwa mtoto wa kilomita 40 akipata sekunde 3 shukuru.

Kwa Binti Ujiji: gari ni kweli. Lakini ukisogeza kasi ya Jumamosi iende Jumatatu, unaiweka saa 48 kabla ya mchujo, siku moja baada ya safari, kwenye uwanja asioujua. Mimi naona ni hatari zaidi.

#15 Mwalimu wa Zamu
Asanteni sana. Na hilo la kumpima mita 1500 Jumamosi? Mwenzangu amelishikilia, anasema bila kipimo hatujui tumpange kukimbia vipi.

#16 Mzee wa Isevya
Mwambie hivi: tuseme amekimbia Jumamosi akapata 5:09, utafanya nini? Huwezi kumwongezea pumzi kati ya Jumamosi na Jumatano. Utakachoongeza ni wasiwasi, kwake na kwako. Na mita 1500 za nguvu zote kwa mtoto zinabaki kwenye mapaja siku 3 au 4, yaani hadi kwenye mchujo wenyewe.

Kipimo kipo Alhamisi, kwenye zile mita 400 mara 5. Simama kwenye mstari na saa, usimtajie muda mpaka amalize zote. Ikiwa ya kwanza hadi ya tano zimekuja 80, 81, 81, 82, 81 na anaongea baada ya dakika moja, yuko tayari, endelea na mpango. Ikiwa zimekuja 79, 81, 84, 86, bado ana uchovu wa wiki zilizopita. Hapo usimalize ya tano, futa kasi ya Jumamosi na umpe kilomita 3 za taratibu alizosema Binti Ujiji. Na ikiwa ya kwanza imekuja 75 huku anacheka, ana nguvu nyingi na hana breki. Huyo ndiye wa kuogopa zaidi, nitarudi kumwelezea.

Uwanja wenu ni wa mita ngapi? Viwanja vingi vya shule havifiki 400. Ukiamini ni 400 kumbe ni 370, hizo sekunde zote ni bure.

#17 Mwalimu wa Zamu
Umejuaje mzee. Unasemekana ni 400, ila ulipimwa kwa hatua.

#18 Hesabu Kali
Pima kwa kamba. Kata kamba ya mita 50 kwa futi ya fundi, zungusha sentimita 30 nje ya mstari wa ndani, hesabu imeingia mara ngapi. Kama ni mita 370, mzunguko wa kasi yake ni sekunde 75. Rahisi zaidi: weka kijiti pale mita 300 zinapoisha na kingine pale 400 zinapoisha, usijali mzunguko unaishia wapi.

#19 Mama Kambi
Habari zenu walimu. Mimi nahudumia upande wa bweni na jiko. Mnazungumza miguu mizito mkasahau sahani. Shuleni mtoto amezoea ugali maharage kwa kipimo. Akifika kambini anapata wali, nyama, migebuka, na anaambiwa "kula upate nguvu". Wakati huo huo mmemkata mazoezi karibu nusu. Anafika siku ya mbio ameongeza kilo moja na nusu, halafu mnasema hewa ya Tabora.

Ushauri wangu: sahani ibaki ile ile ya wiki ya kawaida, ipungue kidogo Jumatatu na Jumanne. Maharage yaishie Jumatatu usiku. Asubuhi ya mchujo, kama anakimbia saa 4, awe ameshakula saa 1: uji au mkate na chai. Chapati za mafuta na mayai ya kukaanga ziwasubiri hadi wamalize.

#20 Nyuzi Joto
Mama Kambi nakuunga mkono, ila hiyo kilo moja na nusu si unene. Ukipunguza mazoezi huku unakula wanga, misuli inajaza akiba yake, na kila gramu ya akiba inahifadhiwa na maji kama gramu 3. Ni uzito wa maji. Wa mbio ndefu anauhitaji, kwa mita 1500 akiba haiishi hata ukimpa nusu. Kwa hiyo anabeba mzigo asioutumia. Hiyo ndiyo miguu mizito yenyewe.

#21 Kipyenga
Mimi nimeelewa kila mtu ana sababu yake ya miguu mizito. Gari, ugali, maji, hewa. Bado uchawi tu.

#22 Binti Ujiji
Kipyenga, uchawi wako ni kulala wiki nzima 😂

Serious kidogo: mimi siamini maji peke yake. Mtoto anaweza kuwa na uzito ule ule na bado miguu ikawa mizito, tena siku ya pili baada ya mapumziko makubwa. Misuli inalegea, inapoteza ule mrushio wa kukanyaga na kuinuka. Ndiyo maana mikimbio 4 ya mita 80 inaufufua ndani ya dakika 10. Ingekuwa ni maji, yangetoka kwa dakika 10?

#23 Nyuzi Joto
Na ingekuwa ni kulegea, kwa nini wengine wanalalamika hata walipokimbia kasi siku moja kabla?

#24 Mama Kambi
Kwa sababu hawakulala. Bweni moja watoto 40, kwaya inafanya mazoezi hadi saa 5 usiku, saa 11 alfajiri ngoma zimeanza. Huo mwili utakuwa mwepesi kwa lipi?

#25 Mwalimu wa Zamu
Hapo Mama Kambi umenigusa, maana binti huyu yumo pia kwenye timu ya netiboli kama mchezaji wa akiba. Na kuna mtu amempendekeza kwaya.

#26 Kipyenga
Mwongezeeni na ngoma za asili, awe mkoa mzima peke yake.

#27 Mzee wa Isevya
Mwalimu, hapo ndipo mpango unapofia. Wiki hii netiboli wana mechi za kirafiki jioni. Kila mechi ni kusimama ghafla, kuruka na kutua kwa mguu mmoja, kwa dakika 60. Unaweza kukata kilomita 17 kwa mkono wa kulia na kuzirudisha kwa mkono wa kushoto, tena za aina ambayo mapaja hayajazizoea. Kaa na kocha wa netiboli leo hii, si Jumamosi. Ama asimame kama akiba wa kweli hadi fainali ya mita 1500 iishe, ama jina litolewe. Akicheza mechi ya Ijumaa hii hata nusu, ifute kasi ya Jumamosi.

Sasa yule wa sekunde 75. Kupunguza dozi kukifanikiwa, kasi ya mashindano inahisiwa ni ya polepole. Kwenye mita 1500 unaanza na mita 300 halafu mizunguko 3 kamili. Kwa kasi yake mita 300 za kwanza ni sekunde 61. Mtoto mbichi anazipita kwa 55 bila kujua, amezungukwa na wenzake, watu wanapiga kelele. Deni analilipa mita 900 hadi 1200, na sisi tunaokaa jukwaani tunasema "miguu ilikuwa mizito". Haikuwa mizito, iliuzwa mapema. Ndiyo maana nimeweka mita 300 Jumamosi: kwa mtu huyu usizifanye kwa sekunde 60, zifanye kwa 61 kamili, arudie mpaka aweze kuikadiria bila saa.

#28 Hesabu Kali
Mzee nakubali, na hii ni sababu ya sita ya miguu mizito kama kuna anayehesabu.

#29 Jicho la Tai
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Swali: mapigo ya moyo asubuhi yanasaidia? Nimeambiwa wiki ya kupunguza yanatakiwa kushuka kila siku, yasiposhuka mtoto hajapona.

#30 Nyuzi Joto
Yanasaidia, ila si lazima yashuke kila siku. Mengi yanabaki pale pale. Ahesabu mwenyewe kabla ya kuinuka kitandani, dakika nzima, na yaandikwe. Unachotafuta ni kupanda. Kama kawaida yake ni 58 na siku mbili mfululizo yamekuja 67 au 68, kuna kitu: hakulala, ana homa inayonyemelea au ana wasiwasi. Akiwa na joto la mwili, apelekwe kupima malaria kabla ya kuzungumza habari ya mazoezi.

#31 Mama Kambi
Na msimhesabie nyinyi. Mwalimu wa kiume akisimama kitandani na saa, mapigo yatapanda tu.

#32 Jicho la Tai
😂😂 Nimeelewa mama.

#33 Mwalimu wa Zamu
Marejesho: nimeongea na kocha wa netiboli, jina limetolewa, kanuna lakini amekubali. Uwanja tumepima kwa kamba, ni mita 384. Kwaya nimekataa. Aliyetaka kupima mita 1500 amekubali kusubiri matokeo ya Alhamisi, ila kasema mita 400 mara 5 ni chache mno, anataka 6.

Limebaki moja. Akipita mchujo Jumatano, Alhamisi afanye nini kabla ya fainali ya Ijumaa jioni?

#34 Kipyenga
Alale. Angalau hapo nipeni haki yangu.

#35 Binti Ujiji
Dakika 20 za taratibu asubuhi na mikimbio 3 ya mita 80. Mchana alale miguu juu ya begi. Asizunguke uwanjani kutazama wenzake, kusimama juani kwa muda wa saa 4 kunachosha kuliko hizo dakika 20.

#36 Mzee wa Isevya
Dakika 20 sawa. Mikimbio ya mita 80 siiweki Alhamisi, ameshakimbia kasi Jumatano na hajaisahau. Aifanye Ijumaa asubuhi, miwili tu, maana fainali ni jioni na kutwa ni ndefu.

Hiyo ya 6 mwambie mwenzako sawa, kwa sharti kwamba Ijumaa badala ya kilomita 4 zinakuwa 3.

#37 Binti Ujiji
Mzee, miwili Ijumaa asubuhi halafu fainali jioni, katikati anakaa saa 8 tena. Si yatarudi yale yale ya kulegea?

#38 Nyuzi Joto
Ya maji, dada. Ya maji.